Siku yangu moja saluni: kipara, ndevu na mng'ao wa utosini

Saa 11:30 alfajiri

Kabla hata ya mswaki, nashika kichwa. Napitisha kiganja kutoka kwenye paji la uso kwenda utosini: kinakwaruzwa. Nakirudisha mbele: kinateleza. Nilinyoa Alhamisi na leo ni Jumamosi, kwa hiyo zamu imefika.

Mimi ni kinyozi, saluni yetu iko Sinza, Dar es Salaam, na mwenyewe nina kipara na ndevu. Kichwa changu sikipitishii wembe. Nanyoa kwa mashine bila kichana cha namba, nikifuata nywele zinavyolala. Miaka minne iliyopita kinyozi mmoja alininyoa kwa wembe kutoka shingoni kupanda juu, huku akiivuta ngozi ili apate ule ulaini wa yai. Siku hiyo nilifurahi. Wiki iliyofuata kisogo kilijaa vipele. Nywele zetu zimejikunja, na ukizikata chini ya usawa wa ngozi ile ncha kali inapoota inarudi ndani. Nilikaa miezi mitatu bila kunyoa kisogo, nikatumia dawa niliyoandikiwa na daktari wa ngozi, na bado vimebaki viwili vigumu kama punje za mtama.

Kuna faida nyingine ya mashine ambayo niliielewa baadaye. Wembe ukiondoa kila kishina cha nywele, ngozi inabaki kama kioo na mwanga wote unarudi pale pale. Mashine inaacha vishina vifupi, chini ya nusu milimita, ambavyo huoni lakini vinautawanya mwanga. Tena vinaacha kivuli cha rangi kinachofanana na ndevu, na kichwa na kidevu vinaonekana vya mtu mmoja.

Nasafisha kichwa kwa maji ya bomba niliyoyahifadhi kwenye ndoo. Maji yetu ya kisima yana chumvi, sabuni haitoki vizuri, inaacha utando unaokauka kuwa weupe. Halafu jeli nyepesi ya maji, kiasi cha punje moja ya kunde, kwa kichwa kizima. Ndevu zinapata matone mawili ya mafuta, nayasugua viganjani kwanza, kisha naingiza vidole kuanzia shingoni hadi viguse ngozi. Nikimaliza nanawa mikono kwa sabuni. Kosa ninalolikuta kwa wateja karibu kila siku ni mtu kupaka mafuta ya ndevu halafu yale yanayobaki kiganjani akayafutia utosini.

Saa 1:45 asubuhi

Daladala imejaa, nimesimama, jasho limeanza. Nikishuka nakandamiza leso ya pamba kichwani, sisugui. Kusugua kunasambaza mafuta na kuikera ngozi iliyotoka kunyolewa.

Saa 2:30 asubuhi

Tunafungua. Nafagia, nasafisha meno ya mashine kwa brashi, nayafuta kwa spiriti na kuyaacha yakauke. Kichwa kilichonyolewa kina michubuko ambayo jicho halioni, na uchafu wa mteja mmoja unahamia kwa mwingine kwa njia hiyo.

Saa 4:00 asubuhi

Anaingia mteja wangu wa muda mrefu, MC wa harusi, na leo ana sherehe usiku. Hajakaa vizuri ananipa simu.

"Fundi, hebu angalia hii video ya wiki jana. Kichwa kinawaka kuliko taa za ukumbi."

Kweli. Kila akigeuka, doa jeupe linatembea juu ya utosi, na uso chini yake unakuwa giza. Ndevu zake nzuri hazionekani kabisa.

"Kaka, ulipaka nini kabla ya kupanda jukwaani?"

"Mafuta ya mtoto. Mke wangu alisema kichwa kimepauka."

Hapo nikaelewa njia nzima. Asubuhi anaoga kwa sabuni kali ya mche, ngozi inapauka, anaficha upaukaji kwa mafuta mazito, na chini ya taa mafuta yanageuka kioo. Ngozi ya kichwa ina tezi nyingi za mafuta kama paji la uso. Mwenye nywele, mafuta hayo yanapanda kwenye nywele. Sisi wenye kipara yanabaki juu ya ngozi, tukiongeza mengine tunayajaza juu ya yaliyopo.

Lakini sikuanza na mafuta, nilianza kwa kumtazama. Ana uso wa mviringo na mashavu yaliyojaa. Ndevu zake hazijaguswa wiki tatu, kama milimita 15 kila mahali, hadi pembeni, kwa hiyo zinaupanua uso palepale ulipo mpana. Na pembeni ya masikio zinakatika ghafla: juu ngozi tupu, chini ndevu nzito, mstari umenyooka. Mtu akiona hivyo anaona kamba ya kofia ya pikipiki.

Kichwa nilikinyoa kwa mashine bila namba. Yeye nywele zake zinaota kichwa kizima, kwa hiyo kivuli kinatoka sawa. Kwa mwenye upara wa asili katikati nisingefanya hivyo, maana kivuli kingebaki pembeni tu na utosi ungetokeza kama kisahani. Huyo namalizia kwa sheva ya foili, ile mashine inayonyoa karibu kabisa na ngozi, ili pote pafanane.

Kisha ndevu. Juu ya sikio nilianza na sifuri. Nilipofika kwenye kile kinyama kidogo mbele ya tundu la sikio nikaweka nusu, yaani milimita 1.5. Usawa wa ndewe nikaweka namba 1, milimita 3. Shavuni namba 2, milimita 6, na kwenye kona ya taya namba 3, milimita 10. Kidevuni sikuweka mashine kabisa, nilipunguza ncha kwa mkasi tu. Uso wa mviringo unahitaji urefu chini na wembamba pembeni. Mwenye uso mrefu ningemfanyia kinyume, pembeni pajae na kidevu kiwe kifupi. Shingoni nilipima vidole viwili juu ya kikoromeo, nikapinda mstari kufuata taya. Ukiupandisha mstari huo hadi kwenye taya lenyewe, mtu akiinamia kipaza sauti kidevu kinaonekana cha kubandika.

Nilipomgeuza kwenye kioo alikaa kimya, akajishika shavu, akacheka.

Tukarudi kwenye mng'ao. Nilimwosha kichwa, nikampaka jeli kidogo, nikamwambia akae kwenye benchi hadi saa 6, asome gazeti. Nilitaka kujua kinachong'aa kwake ni jasho au mafuta.

Saa 6:00 mchana

Joto limepanda, feni inasukuma hewa ya moto. Namkandamizia tishu moja utosini, nahesabu hadi kumi, naitoa na kuishika kwenye mwanga wa mlangoni. Kuna doa kubwa. Tunasubiri dakika chache. Kingo za doa zinapotea, zinakauka, lakini katikati kunabaki mduara ambao karatasi yake imekuwa kama kioo cha dirisha, unaona mwanga kupitia. Palipokauka ni jasho. Palipobaki ni mafuta.

Kwake viko vyote viwili, ila mafuta yako utosini na kwenye paji tu, pembeni hakuna. Basi nikamwelekeza: saa moja kabla ya kupanda jukwaani aoshe kichwa kwa sabuni laini ya uso, akaushe kwa kukandamiza, apake jeli pembeni na kisogoni, utosini apitishe tu kiganja kilichobaki na unyevu. Mfukoni aweke tishu. Kila anapokaa, akandamize, asifute. Mafuta yake ya mtoto ayaache nyumbani.

"Na poda je? Mpiga picha mmoja aliniambia nipake poda."

Nikamkataza ile poda nyeupe ya watoto. Kwenye ngozi yetu inaleta rangi ya majivu, jasho likishuka inachora mistari, na baadhi ya poda, hata zile zisizoonekana kwa macho, zinarudisha mwanga wa kamera na kutoa weupe pichani. Kama ni lazima, atumie ya rangi ya ngozi yake, na kwanza ajipige picha na mwanga wa simu akiwa nyumbani.

Sikumwambia aue mng'ao wote, na kwa hili huwa nabishana na wenzangu wa saluni. Kichwa kisichong'aa hata kidogo kinaonekana kimeugua. Ninachotaka ni kichwa kiwe na mwanga laini uliotawanyika, na ndevu ziwe na uhai zaidi kidogo kuliko kichwa. Jicho linaenda palipo na mwanga mkali zaidi. Ukiuweka wote utosini, mtu anaongea na paji lako.

Saa 9:15 alasiri

Anakuja mzee mmoja jirani. Shikamoo, marahaba. Anataka ndevu zake nyeupe zipakwe piko ziwe nyeusi tii, na kichwa anakitaka laini. Namwambia, "Mzee wangu, mara ya mwisho ulisema ilikuwasha." Anakiri alivimba midomo siku mbili. Basi piko simpaki tena, kwa sababu mwili ukishaikataa, ukiipaka tena muwasho na uvimbe vinaweza kuja kwa ukali zaidi. Tunakubaliana kupunguza ndevu hadi namba 2. Kwa kichwa kilichonyolewa, ndevu nyeupe fupi zinakaa vizuri kuliko nyeusi iliyopakwa, maana nyeusi hiyo haina kivuli kinacholingana nayo kichwani.

Saa 10 hadi 12 jioni

Ni vijana tu, mmoja baada ya mwingine, wengi wanataka fedi. Nakunywa maji, nabadilisha mashine inapochemka. Meno yakiwa ya moto yanaunguza ngozi, na mteja anadhani ni spiriti inayowasha.

Saa 3:20 usiku

Nimefika nyumbani. Naosha kichwa, safari hii kwa uangalifu kuliko asubuhi, maana mafuta, vumbi na jeli za kutwa vikilala juu ya ngozi ndivyo vinavyoleta chunusi utosini. Nikimaliza nakagua vile vipele viwili vya kisogoni kwa kidole. Haviumi, havijakua.

Simu inalia. MC amenitumia kipande cha video kutoka ukumbini, sekunde chache tu, yuko katikati ya kuwakaribisha wazazi wa bibi harusi. Taa ni zilezile za zambarau na nyeupe. Utosini kuna mwanga mpana, laini, hautembei. Chini yake naona macho, naona mdomo, na ndevu zimeuchora uso hadi kwenye ncha ya kidevu.

Amemalizia kwa ujumbe: "Fundi, tishu ya tatu hii. Jumamosi ijayo saa nne."