Siku moja maishani mwangu: vidole kooni tangu asubuhi

Nafundisha matamshi ya Kiswahili hapa Mwanza, wageni na wenyeji, na kuna watu huwa wananiuliza kazi yenyewe nafanyaje. Basi jana ilikuwa hivi.

Saa 1 asubuhi. Daladala ya kutoka Kirumba, konda sauti imemkauka kabisa, ananong'ona tu. Anaita "Igoma" mimi nasikia "Ikoma", mama wa pembeni naye anauliza kwani hii gari inaenda Serengeti? Nikacheka peke yangu maana hilo ndo somo langu la leo lote: g na k zinatoka palepale mdomoni, tofauti kubwa ni mtetemo wa kooni, na mtu akinong'ona mtetemo haupo.

Saa 3. Mwanafunzi wa kwanza ni Mchina, fundi wa barabara, wiki ya pili hii. Kaja na malalamiko: "Mwalimu, sokoni nimesema nataka bata, mama anasema unataka kupata nini?" Nikamwambia sema tena. Kweli, bata yake inatoka "pata".

Sikuanza na b lakini. Nilimwambia weka kidole cha shahada na cha kati pale kwenye kongomeo, lile donge linalopanda ukimeza mate, gusa tu usibonyeze. Haya vuta sss kama sekunde tatu. Kimya, hakuna kitu. Sasa ulimi usiuhamishe hata kidogo, geuza iwe zzz. Macho yakamtoka, akasema kama simu iko vaibreshen! Ndo hivyo, humo ndani kuna nyuzi za sauti, zikikaribiana hewa inapita inazitikisa, hiyo tunaita sauti ghuna, zikiachana hewa inapita zake tu, hiyo sighuna.

Akaharibu mara moja, akaanza "sa, za, sa, za" halafu ananiambia mwalimu zote zinatetemeka. Lazima zitetemeke, hiyo ni a! Irabu zetu zote ni ghuna, kwahiyo ukiweka irabu unapima irabu, hupimi konsonanti. Kosa hili wanafanya karibu wote, na wengine wananong'ona kwa aibu halafu wanasema hawasikii kitu hata kwenye z. Asiyesikia vizuri kidoleni namwambia aziba masikio kwa viganja, zzz inavuma kichwani kama nyuki.

Sasa b ndo ngumu, maana huwezi kuivuta kama z, midomo imefungwa, hewa haina pa kutokea, mtetemo ni wa kufumba na kufumbua. Na kwa Mchina kuna jingine: kwao p na b zinatofautishwa kwa pumzi, p inapulizwa, b haipulizwi, ila zote mbili koo limetulia. Kwahiyo yeye alikuwa anapunguza pumzi akidhani kaweka b, kumbe sisi masikio yetu yanasubiri mtetemo.

Dawa yake ni m. Nikamwambia vuta mmmm, vidole vipo, unasikia? Usizime, fungulia hapohapo: mmmmba. Mbuzi, mbao, mboga. Karudia kama robo saa mpaka jirani akachungulia. Baadae m tunaifupisha, inabaki kidogo, halafu anaisema kimoyomoyo tu kabla ya kufungua midomo: bata. Ya tatu ikatoka yenyewe.

Saa 7 nikala sato na ugali pale Mwaloni. Hapo sina la kusimulia.

Saa 10. Binti anayejifunza kutangaza. Huyu ni mwenyeji, f na v kwake hazina shida, hawezi kuchanganya kufua na kuvua na huku ziwani tunafanya vyote viwili kila siku. Shida yake th na dh. Anasoma "polisi wamethibiti wizi" badala ya wamedhibiti, halafu mstari wa chini anasema "amedhibitisha habari hizo". Nikamwambia mdogo wangu, ulimi kwenye meno, zote mbili unakaa hapohapo, acha kuuhangaisha. Vuta ya kwanza: koo kimya, hiyo ni th, ndugu yake s. Washa koo: hiyo dh, ndugu yake z. Akachukua kalamu akaandika alama ya mawimbi juu ya kila dh kwenye habari yake, akasoma vidole vikiwa kooni, kakosea mara moja tu nayo akajisahihisha kabla sijafungua mdomo.

Saa 1 usiku nipo nyumbani naanua nguo, inaingia voisi ya Mchina wangu, nyuma kuku wanapiga kelele. "Mwalimu, mmmbata, bata! Mama ameelewa. Kesho nakula bata." Sijajua ni bata wa kwenye sufuria au bata la wikiendi, ila b ilikuwa safi.