Kufuli lilibaki limefungwa: nilivyofunga komeo la stoo kwa bolti za kutokea ndani

Asubuhi ile nilipofika stoo, kufuli lilikuwa bado limefungwa. Wezi hawakuligusa. Lilikuwa chini kwenye vumbi pamoja na komeo lenyewe, na komeo lilikuwa na skrubu zake nne zimetokeza kwa nyuma, kila moja imebeba unga wa mbao kwenye meno yake. Ndani palipungua magunia 11 ya mchele, na matano kati ya hayo hayakuwa yangu.

Stoo yetu iko Ifakara, ina milango miwili ya mbao inayokutana katikati na kufungukia nje. Mlango wa kushoto tunaubana kwa ndani, juu na chini, kwa vitasa vya kusukuma. Wa kulia ndio tunaotokea, na kufuli linaziunganisha mbao hizo mbili kwa nje. Nilikuwa nimenunua kufuli la bei mbaya, nikajiona nimemaliza. Fundi seremala wa mtaani kwetu, mzee aliyetengeneza milango hiyo, aliokota skrubu moja akaipima kwenye kidole.

“Hii ni ya inchi moja, binti yangu. Ukitoa unene wa chuma, iliyoingia kwenye mbao ni kama nusu kidole hivi. Mtaimbo ukipita nyuma ya komeo, anakandamiza mara moja tu.”

Nikamwuliza kama skrubu za inchi mbili zingetosha. Akasema zingemchelewesha kidogo, ila skrubu ya urefu wowote inashikwa na nyuzi za mbao peke yake, na nyuzi za mbao zinachanika. Tena skrubu ambayo kichwa chake kiko nje inafunguliwa na mtu yeyote mwenye bisibisi, bila kelele. Alichotaka ni bolti inayopita mbao nzima, kichwa kibaki nje na nati ibaki ndani, ambako mtu wa nje hafiki.

Si bolti yoyote. Bolti ya kawaida ina kichwa cha pembe sita, na mwizi akija na spana anaweza kuizungusha. Tulitafuta zile zenye kichwa laini cha mviringo, kama nusu ya kitumbua, ambacho hakina pa kushika spana wala mkato wa bisibisi. Chini ya kichwa hicho kuna shingo fupi ya mraba, na siri ya bolti hii iko kwenye shingo hiyo: ikikaa kwenye tundu la mraba, bolti haizunguki hata ukiikaza nati kwa nguvu zako zote.

Mimi nilikosea hapohapo, kwa haraka. Nilinunua komeo la dukani lenye matundu ya duara ya milimita 8, nikaliweka mwenyewe siku ya Jumapili kwa bolti za milimita 8. Ziliingia, nikakaza, zikashika. Jioni mzee alipita, akainama, akapenyeza ukucha wake kati ya kichwa cha bolti na komeo. Shingo ya mraba haikuwa imeingia kwenye tundu la duara, ilikuwa imekwama juu yake, kwa hiyo kila kichwa kilisimama milimita 5 mbali na chuma. Jino la msumeno wa chuma linapita hapo bila shida, na koleo inaishika shingo vizuri kabisa. Akaizungusha moja mbele yangu kwa koleo ya kawaida. Ukiweka zako, fanya kipimo hicho cha ukucha. Kichwa kikae kimelala juu ya chuma pande zote.

Tukaanza upya. Komeo la dukani lilikuwa la bati jembamba, nikaliacha, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea na mchoro. Mabapa, yaani vile vipande vya chuma vinavyolala kwenye mbao, yalikuwa ya milimita 4. Tumbuu, yaani kile kitanzi kinachopokea kufuli, ilikunjwa kwa nondo laini ya milimita 12. Nilimwomba miguu yake ipite kwenye matundu ya bapa na kuchomelewa kwa nyuma pia, kwa sababu tumbuu iliyobandikwa juu juu inapigwa nyundo ubavuni ikang'oka. Donge la kuchomelea kwa nyuma alilisawazisha kwa grenda, bapa likalala vizuri kwenye mbao.

Kwenye bapa la tumbuu kulikuwa na jambo ambalo nisingelifikiria. Ulimi wa komeo, ule unaokunjwa na kuingia kwenye tumbuu, unalala juu ya bapa hilo. Vichwa vya bolti vikiwa chini yake vinauinua, na hiyo nafasi ndiyo mtaimbo unayoitafuta. Ulimi wangu una upana wa milimita 40, na kichwa cha bolti ya milimita 8 kina upana wa kama milimita 20. Basi bapa likafanywa refu, milimita 90 kwenda juu, na bolti zikawekwa mbili juu ya ulimi na mbili chini yake, kila moja milimita 32 kutoka mstari wa katikati. Ulimi ukapita katikati yao na kulala bapa kwa bapa.

Matundu ya mraba tuliyatengeneza kwa mkono. Unatoboa kwa drili duara la milimita 8 na nusu, halafu unachonga pembe nne kwa tupa ndogo ya mraba, ukijaribisha bolti kila baada ya muda. Tundu moja lilinichukua karibu robo saa, na yalikuwa manane. Usikwepe kazi hiyo kwa kutoboa duara kubwa la milimita 11 ili shingo ipite. Itapita, lakini itazunguka humo.

Urefu wa bolti tuliupata kwa kujumlisha. Mbao ya pembeni ya mlango, ile nene inayobeba vitasa, ina milimita 45. Bapa la nje 4, bapa la ndani 4, washa kama moja na nusu, nati kama sita na nusu: jumla 61. Tukachukua bolti za milimita 70 ili zibaki meno ya kufanyia kazi mwishoni. Bapa la ndani ndilo watu wengi wanaloliacha, wanaweka washa ndogo tu. Mzee alinionyesha mlango wa zamani ambako washa ya namna hiyo ilizama ndani ya mbao kama kifungo kwenye mto, ikaacha tundu. Bapa moja linaloshika bolti zote nne linamlazimisha mwizi ang'oe kipande kizima cha mlango.

Kutoboa mbao kuna hila yake. Nilishika drili kwa mkono, na tundu la kwanza likatokea ndani likiwa limepinda milimita kadhaa. Bapa la ndani kama lingekuwa limeshatobolewa, lisingelingana. Kwa hiyo matundu ya bapa la ndani tuliyaacha mpaka mwisho: tulitoboa mbao kwanza, kwa kufuata komeo la nje, tukapitisha bolti, tukapaka ncha zake oili chafu, tukalibandika bapa kwa ndani na kuligonga kidogo. Alama nne nyeusi zikabaki kwenye chuma, na ndipo tulipotoboa, duara la milimita 9. Wakati wa kutoboa mbao tulibana kipande cha ubao kwa nyuma ili biti isirarue mbao inapotokea. Na bolti hazikupangwa zote kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mbao, kwa sababu mstari wa namna hiyo ndio unaopasuka. Tulikaa pia milimita 35 kutoka ukingo wa mlango.

Nati tulizikaza kwa spana namba 13 mpaka komeo likatulia. Shingo ikazama milimita moja hivi kwenye mbao baada ya kupita chuma, na hiyo ni sawa, pembe zake zinauma humo. Nilitaka tumalize siku hiyohiyo kwa kuzigonga ncha ili nati zisifunguke tena. Mzee akakataa.

“Mbao hii imenyeshewa. Ikikauka itasinyaa, nati zitalegea, na wewe utakuwa umeshazifunga. Nipe wiki tatu.”

Alikuwa sahihi. Baada ya wiki tatu za jua, kila nati ilikubali karibu nusu mzunguko. Baada ya hapo tukakata meno yaliyozidi kwa msumeno wa chuma, tukaacha milimita 2 nje ya nati. Mimi nikashikilia nyundo nzito kwenye kichwa cha bolti kwa nje, yeye akagonga ncha kwa ndani kwa nyundo ndogo, akizunguka ukingo wake, mpaka ikapanuka kama uyoga juu ya nati. Bila ile nyundo nzito ya nje, kila pigo lingeirudisha bolti nyuma. Nati sasa haitoki kwa spana. Siku nikitaka kubadilisha komeo nitazikata kwa grenda nikiwa ndani. Niliona ni vyema hivyo, kwa sababu mchana vibarua na wateja wanaingia stoo, na mtu mwenye nia mbaya angeweza kulegeza nati mbili akapanga kurudi usiku.

Kufuli nililibakiza lilelile, ila tundu la tumbuu nilikuwa nimelipima kwalo. Chuma chake kina milimita 10, na linaingia kwa kubana, hakuna pa kupitisha nondo ya kulizungushia.

Tulipomaliza mzee alihamia upande wa pili wa mlango, akanionyesha bawaba. Kwa kuwa milango inafungukia nje, pini za bawaba ziko nje nazo, na mtu angeweza kuzigonga zikatoka akauchomoa mlango kwa upande huo, komeo likiwa limeshika. Tuliziziba ncha za pini kwa kuchomelea, na skrubu moja ya kila bawaba tukaibadilisha kwa bolti ya aina ileile, kwenye mlango tu. Kwenye fremu haikuwezekana, maana nyuma yake ni ukuta, zikabaki skrubu za inchi tatu.

Kijana aliyekuwa analala stoo nimemhamishia chumba cha uani. Komeo hili linafungwa kwa nje tu, na aliye ndani hana njia ya kulifungua moto ukitokea.