Ninavyohakiki majibu ya kwartili na histogramu

Nafundisha hesabu kwenye sekondari moja hapa Bukavu, na sura ya takwimu ndiyo inayonitaka umakini kuliko zote wakati wa kusahihisha. Kwenye milinganyo, jibu likikosewa linaonekana mara moja. Hapa wanafunzi wawili wanaweza kuleta kwartili, yaani namba zinazokata orodha katika robo, zisizolingana na wote wakawa na haki, huku wa tatu akileta mchoro safi, umepigwa rula vizuri, na kumbe hauna ukweli ndani yake. Ndiyo maana siku hizi silinganishi tu na karatasi ya majibu. Ninahesabu thamani zilizoangukia kila upande wa mstari wa kwartili, basi.

Mfano ninaoutumia ni wa dakika za kutembea kutoka nyumbani hadi shuleni. Wa Nyawera wanafika haraka, wa Kadutu wanateremka mlima, wa Panzi wanatoka mbali. Tukichukua wanafunzi 11 na kuwapanga kuanzia wa karibu, tunapata:

```
8 10 12 15 18 20 22 25 30 34 55
```

Mediani ni 20, haina ubishi: watano wako chini yake na watano juu yake. Ugomvi unaanza kwenye kwartili ya kwanza. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni la mwanafunzi anayekata umbali badala ya kukata watu. Anachukua 55, anatoa 8, anagawa kwa 4, anaongeza 8, anaandika 19,75. Hesabu yenyewe haina kasoro, kwa hiyo ukifuata hatua zake tu unaweza kupita. Lakini hesabu walio chini ya 19,75: ni watano kati ya 11, karibu nusu ya kundi. Hiyo haiwezi kuwa kwartili ya kwanza, ambayo inatakiwa iache chini yake karibu robo, yaani watu wawili au watatu hivi.

Mwingine anaandika 2,75, kwa sababu 11 kugawa kwa 4 ni 2,75. Huyo ametoa nafasi kwenye foleni badala ya dakika. Hapa hata kuhesabu hakuhitajiki, maana hakuna mwanafunzi anayetembea dakika chini ya 8.

Sasa kuna jibu la 12 na jibu la 13,5, na hapo ndipo mwalimu anapoweza kumdhulumu mtoto. Karatasi ya majibu tuliyokuwa nayo ilisema 12. Msichana mmoja aliandika 13,5 akanifuata: «Mwalimu, nimeiangalia hata kwenye kompyuta ya kaka, inatoa hiyohiyo.» Alikuwa na haki. Ukiiacha mediani nje unapogawa orodha, nusu ya chini ni 8, 10, 12, 15, 18, na katikati yake ni 12. Ukiihesabu 20 ndani ya nusu zote mbili, nusu ya chini inakuwa na thamani sita, na katikati yake ni kati ya 12 na 15, yaani 13,5. Excel ya Kifaransa, ambayo ndiyo iliyoko kwenye mashine nyingi za hapa, ina njia zote mbili:

```
=QUARTILE.EXCLURE(A1:A11;1)
=QUARTILE.INCLURE(A1:A11;1)
```

Ya kwanza inatoa 12, ya pili 13,5. Na si hizo mbili tu. Mwaka 1996 wanatakwimu Hyndman na Fan waliorodhesha njia tisa zilizokuwa zikitumika katika programu za takwimu. Kwa thamani nyingi tofauti yake huwa ndogo. Kwa thamani 11 inaonekana waziwazi.

Nisingehangaika nayo kama isingefika kwenye mchoro wa sanduku, ambao sanduku lake linaanzia kwartili ya kwanza hadi ya tatu, na mistari ya pembeni inaitwa sharubu. Kwa njia ya kwanza kwartili ya tatu ni 30, upana wa sanduku ni 18, na ukiongeza mara moja na nusu ya upana huo juu ya 30, kama alivyopendekeza mwanatakwimu Tukey, mpaka wa sharubu unafika 57. Mwanafunzi wa dakika 55 yuko ndani, kwa hiyo sharubu inanyooka hadi kwake. Kwa njia ya pili kwartili ya tatu ni 27,5, upana ni 14, mpaka ni 48,5. Mtoto yuleyule wa 55 sasa anakuwa nukta peke yake nje, na sharubu inaishia 34. Michoro miwili isiyofanana, orodha moja. Kwa hiyo ninaangalia kama mwanafunzi ameshika njia moja toka mwanzo hadi mwisho. Anayechukua 12 kwa njia moja na 27,5 kwa nyingine simpi alama kamili, hata kama kila namba ipo mahali fulani kwenye kitabu. Na kwenye swali la mtihani sasa ninaandika wazi kama mediani inaingia ndani ya nusu au inabaki nje.

Histogramu ina ugonjwa wake. Tukikusanya darasa zima la watu 40, jedwali linakuwa hivi: dakika 0 hadi 10 wako 6, 10 hadi 20 wako 12, 20 hadi 30 wako 10, na 30 hadi 60 wako 12. Kundi la mwisho lina upana mara tatu ya mengine. Wengi wanachora nguzo ya mwisho yenye kimo cha 12, sawa na ile ya 10 hadi 20, lakini pana mara tatu. Ukiitazama tu, unadhani nusu ya darasa inatoka Panzi.

Kuigundua, ninazidisha kimo kwa upana. Kwenye mchoro huo maeneo ni 60, 120, 100 na 360, jumla 640. Nguzo ya mwisho imekula zaidi ya asilimia 56 ya eneo lote, wakati watu wake ni 12 kati ya 40, asilimia 30. Na nikimwambia mwanafunzi atafute mediani kwa kukata eneo la mchoro wake katikati, anapata dakika 33 na kitu. Hapo mwenyewe anashtuka, kwa sababu jedwali lake linasema watu 28 wako chini ya dakika 30.

Dawa ni kuchora idadi kwa kila dakika 10: vimo vinakuwa 6, 12, 10 na 4, kwa sababu watu 12 wamegawanywa kwenye vipande vitatu vya dakika 10. Eneo la kila nguzo sasa linalingana na watu wake. Mediani inaangukia 22, kwartili ya kwanza ni kama 13,3, ya tatu 35, na kati ya mstari mmoja na mwingine kuna watu 10. Mwanafunzi aliyechora sanduku kutoka jedwali hilohilo anaweza kuliweka chini ya histogramu, kwenye mhimili uleule, akaona kama mistari inakata eneo katika robo.

Hizo 35 na 13,3 ninazichukulia kama makadirio. Tumedhani watu 12 wa kundi la mwisho wametawanyika sawasawa kati ya 30 na 60, na pengine kumi wako 31. Kwa hiyo anayeandika 34 au 36 baada ya kusoma kwenye mchoro wake anapata alama zake, ila anayeandika 25 ninamrudishia karatasi, maana chini ya 25 hata watu 30 hawajafika.