Duara Lililohama

Mkuu wa idara yetu ya kemia, tuliyemwita Babu ingawa hakuwa mzee kiasi hicho, alikuwa na sharti moja kabla mtihani wa utamilifu wa kidato cha sita haujapelekwa kudurufiwa: aliyetunga swali haruhusiwi kukagua michoro yake. Jicho la mtungaji, alisema, huona kilichomo kichwani mwake, si kilichopo kwenye karatasi. Ndiyo maana mwaka ule niliporipoti, nikiwa bado nanukia chuo, alinikabidhi ukurasa wake wa kemia ya kaboni, uliotoka kwa mchapaji jioni ile, pamoja na penseli.

"Usiusome, kijana. Hesabu."

Kuhesabu kwenyewe kulikuwa na hatua mbili. Kwanza unakwenda kwenye kila atomi na kuhesabu mistari inayoigusa: kaboni nne, oksijeni mbili, hidrojeni moja, na bondi pacha inahesabiwa mbili. Kisha unahesabu atomi zote za mchoro na kuzilinganisha na fomula iliyoandikwa kwenye swali au kwenye mwongozo wa kusahihishia.

Hatua ya kwanza ilizaa matunda mapema. Swali lilitaja alkeni ya C₅H₁₀, na mchapaji alikuwa ameandika CH₃–CH(CH₃)=CH–CH₃. Kaboni ya pili ilikuwa na CH₃ mbili, bondi pacha, na H juu yake: jumla bondi tano. Nikaikata ile H, hidrojeni zikashuka kutoka 11 hadi 10, fomula ikakaa sawa. Chini yake kulikuwa na alkoholi iliyochorwa kwa mistari ya kupinda tu, bila H kwenye kaboni. Hiyo niliiacha, maana katika mchoro wa namna ile hidrojeni za kaboni haziandikwi. Ila oksijeni iliyokuwa pembeni ilining'inia kwa mstari mmoja bila chochote, na H ya oksijeni lazima iandikwe. Nikaiongeza.

Likafuata swali la aspirini: asidi ya salisiliki gramu 2.76 inageuzwa kuwa aspirini, tafuta uzito wa juu kabisa unaoweza kupatikana. Michoro miwili safi, pembesita nadhifu. Nikapita kona kwa kona, hakuna kaboni iliyozidi nne. Mtu angeweza kutia tiki akaendelea.

Nilipofika hatua ya pili ndipo mambo yalipoharibika. Mwongozo ulisema aspirini ni C₉H₈O₄. Mimi nilipata hidrojeni 14. Nikarudia, 14 tena. Pembesita zilikuwa tupu, hazina duara ndani wala bondi pacha, na pembesita tupu si benzini. Kila kona yake inajazwa na hidrojeni zisizoandikwa, kwa hiyo hakuna bondi inayopungua wala kuzidi. Ni molekuli halali kabisa, ila si ile uliyoikusudia.

Babu akachukua karatasi, akakokotoa pembeni. Kwa muundo sahihi, 2.76 kugawa kwa 138 ni moli 0.02, mara 180, gramu 3.60. Kwa muundo uliochapwa, 2.76 kugawa kwa 144, mara 186, gramu 3.565.

"Umeona ubaya wake?" aliniuliza. "Msahihishaji atadhani mtoto amekosea kukadiria desimali."

Kipengele (b) kilikuwa kibaya zaidi. Kiliuliza jinsi kloridi ya chuma(III) inavyoonyesha kama aspirini bado ina mabaki ya asidi ya salisiliki. Jibu ni rangi ya zambarau, na rangi hiyo hutokea kwa sababu OH imeshikamana na pete ya benzini. Kwenye pembesita tupu hiyo ni alkoholi ya kawaida, zambarau haipo. Mwanafunzi makini angeandika kwamba kipimo hakifai, naye angekuwa sahihi.

Maduara tuliyapata. Moja lilikuwa kando ya namba ya swali, nami nilikwishalipita nikidhani ni doa la printa. La pili lilikuwa pambizoni chini. Tukamfuata dada mchapaji ofisini.

"Mbona asubuhi yalikuwa ndani, mwalimu!"

Alikuwa mkweli. Alichora pembesita na duara kama maumbo mawili yasiyounganishwa. Mchana Babu akaongeza mstari mmoja wa maelezo juu ya swali, maandishi yakashuka na pembesita zake, maduara yakabaki yalipokuwa. Dada akayarudisha, akachagua pembesita, duara na mistari yote ya kila mchoro, akabonyeza `Group`. Kisha Babu akamwomba aongeze mstari mtupu juu ya swali ili tuone. Mchoro mzima ukashuka pamoja.

Nikahesabu upya kwenye nakala mpya: nne kwenye pete, tatu za CH₃, moja ya COOH. Nane. Babu akatia saini, akavuta droo na kunipa mtihani wa kidato cha tano.