Kusi iliyosomeka kaskazini: nilivyopanga msimbo wa Gray wa biti nne

Januari nilifunga mshale wa upepo juu ya paa la mjomba wangu, Tanga. Chini ya mshale kuna sahani ya plastiki ngumu yenye pete nne zilizochapwa vipande vyeusi na vyeupe. Taa ndogo nne zinamulika kutoka upande mmoja na sensa nne zinasoma upande wa pili. Penye mwanga ni 1, penye giza ni 0. Biti nne zinatoa hali 16, kwa hiyo duara lote nililigawa sehemu 16 za nyuzi 22.5 kila moja: sehemu ya 0 ni kaskazini, ya 4 mashariki, ya 8 kusini. Pete nilizichora kwa namba za kawaida za mfumo wa jozi: 0000, 0001, 0010, hadi 1111.

Kaskazi ilipokuwa inavuma sikuona ubaya mkubwa. Upepo ulikaa sehemu ya 2, mara moja moja ukayumba. Kusi ilipoingia ndipo kumbukumbu zikaanza kunichekesha: 7, 7, 8, 15, 8, 0, 7, 0, 0, 8. Nikamwonyesha mjomba, ambaye amekula chumvi nyingi baharini. Akatazama skrini, akatazama minazi. "Mwanangu, kusi haifanyi hivyo. Hiki chombo chako kinasema upepo unatoka kusini na kaskazini kwa wakati mmoja."

Nililaumu nyaya kwanza. Kisha nikajaribu dawa ya programu: nisome mara tatu, nichukue thamani ya katikati. Ilipunguza kidogo tu, maana upepo uliotulia unaweza kuushikilia mshale juu ya mpaka wa sehemu mbili kwa sekunde kadhaa. Hapo somo baya si la bahati mbaya. Linarudi lile lile mara tatu mfululizo.

Jibu nililipata nilipoandika namba za mpaka ule kwenye karatasi. Saba ni 0111, nane ni 1000. Kuvuka hatua moja tu, biti zote nne zinabadilika. Lakini sensa zangu nilizigundisha kwa mkono; haziko kwenye mstari mmoja kabisa, na moja huona mpaka kabla ya mwenzake. Biti ya kushoto ikitangulia kugeuka, unasoma 1111, yaani 15, karibu upande wa pili wa dira. Zile tatu za kulia zikitangulia, unasoma 0000: kaskazini kamili, wakati mshale umeelekea kusini. Kati ya 2 na 3 (0010 na 0011) inabadilika biti moja tu, ndiyo maana kaskazi ilinificha ugonjwa.

Kwa hiyo haja ilikuwa mpangilio wa namba zote 16 ambao kila jirani anatofautiana na mwenzake kwa biti moja. Ukichelewa au ukiwahi mpakani, unachoweza kusoma ni upande huu au ule, hakuna cha tatu. Frank Gray wa Bell Labs aliuombea hataza mwaka 1947, hataza ikatolewa 1953, na kwenye maandishi yake aliuita msimbo wa jozi ulioakisiwa. Jina hilo ndilo maelekezo yenyewe.

Unaanza na biti moja: 0, 1. Unaiandika orodha, kisha unaiandika tena chini yake kinyumenyume kama inavyoonekana kwenye kioo: 0, 1, 1, 0. Nusu ya juu unaitangulizia 0, ya chini 1: 00, 01, 11, 10. Rudia, unapata za biti tatu: 000, 001, 011, 010, 110, 111, 101, 100. Uzuri uko pale kiooni. Wa mwisho wa nusu ya juu na wa kwanza wa nusu ya chini ni mtu yule yule, wanaachana kwa ile biti ya mbele tu. Ndani ya kila nusu, ujirani wa zamani haujaguswa.

Nikaiandika kwa Python:

```
def gray(n):
    if n == 0:
        return [""]
    k = gray(n - 1)
    return (["0" + s for s in k] +
            ["1" + s for s in reversed(k)])
```

Haikukubali mara ya kwanza. Mwanzoni niliandika `return []` pale `n` inapofika 0, na kila nilichoomba kikarudi orodha tupu: hakuna cha kutangulizia 0 wala 1. Lazima kuwe na neno moja tupu ndani ya orodha. Kosa la pili lilinipotezea jioni nzima. Nilisahau `reversed`, programu ikaenda bila lalamiko, ikatoa namba 16 zisizojirudia. Zilikuwa 0000, 0001, 0010, 0011... Yaani nilizunguka kote nikarudi kwenye namba za kawaida nilizokuwa nazikimbia. Kumbe tofauti ya mifumo hii miwili ni kule kugeuza orodha tu.

Tangu hapo sijaamini macho. Kila orodha naipitisha kwenye kipimo, pamoja na kurudi kutoka wa mwisho hadi wa kwanza, maana sahani ni duara:

```
g = [i ^ (i >> 1) for i in range(16)]
for i in range(16):
    d = g[i] ^ g[(i + 1) % 16]
    if bin(d).count("1") != 1:
        print("kosa", i)
```

Mstari wa juu ni njia ya mkato inayotoa orodha ile ile bila kujiita yenyewe: sogeza namba hatua moja kulia, kisha ilinganishe na ile ya awali, penye tofauti weka 1. Saba ni 0111, ikisogezwa 0011, matokeo 0100. Nane inatoa 1100. Sasa mpaka wa kusini unavukwa kwa biti moja.

Nikachapa sahani mpya, nikapanda paani, nikauzungusha mshale kwa mkono. Kusini ikasomeka 12. Nilitaka kushuka na ngazi yote! Kisha nikakumbuka kwamba 1100 kwa hesabu za kawaida kweli ni 12. Nilikuwa sijairudisha kuwa namba ya sehemu. Kurudisha kunahitaji mzunguko mfupi:

```
b = 0
while g:
    b ^= g
    g >>= 1
```

Hapa `g` ni namba moja iliyotoka kwenye sensa. Angalia pia pete ipi ni biti ya kushoto. Ukibadilisha waya mbili, jirani bado watatofautiana kwa biti moja, kipimo kitapita, lakini majibu yataruka. Dalili utaiona ukizungusha polepole: namba hazihesabu 0, 1, 2, 3.

Jirani mmoja aliomba sahani ya sehemu 12, nyuzi 30 kila moja. Ukichukua 12 za mwanzo, ya mwisho ni 1110 na ya kwanza 0000, biti tatu. Nilikata mbili huku na mbili kule, nikabaki na ya 2 hadi ya 13: 0011 mwanzoni, 1011 mwishoni. Kioo kinaruhusu hivyo kwa idadi yoyote shufwa. Sehemu 15 haziwezekani kabisa, kwa kuwa kila hatua inageuza idadi ya moja kutoka shufwa kuwa witiri au kinyume chake, na mzunguko wa hatua witiri haurudi nyumbani.

Kumbukumbu ya juzi, kusi ikivuma: 7, 8, 8, 7, 8, 7, 7, 8. Mshale bado unasitasita mpakani, ila haujafika tena kaskazini.