Siku moja maishani mwangu: stetasi za chakula cha mchana kabla oda hazijafungwa

Saa 11:40 alfajiri. Jiko bado halijawashwa. Kazi ya kwanza ni kufuta stetasi za jana zilizobaki. Stetasi ya WhatsApp hukaa saa 24, na mtu akifungua huanza na ya zamani ambayo hajaiona. Isipofutwa, menyu ya jana ya saa 1:15 asubuhi ingekuwa hai leo mpaka muda huohuo, na mteja aliyeamka mapema angeagiza chakula ambacho hakipo. Ugomvi wa aina hii huja mara nyingi kuliko ule wa chumvi kuzidi.

Saa 12:30. Hesabu kwanza, maneno baadaye. Sufuria zangu zinatoa kontena 40. Wateja wa kudumu wameshachukua 22 tangu jana usiku. Mbili naziweka akiba, kwa ajili ya inayomwagika njiani au oda iliyoruka macho. Za kutangaza ni 16: chaguo A kontena 10, chaguo B kontena 6.

Saa 1:15. Watu wako njiani kwenda kazini, simu mkononi. Naweka maandishi matupu, bila picha:

> JUMANNE. Mchana wa leo:
> A – [chakula], B – [chakula]
> Bei: [kiasi], pamoja na kuletewa.
> Mwisho wa oda saa 5:00 asubuhi (simu ikisoma 11:00).
> Jibu hapahapa: herufi na idadi, jina, jengo, ghorofa.
> Mfano: A2, Asha, jengo la mbele, ghorofa ya 3.

Jina la siku linakaa juu kwa sababu watu hupiga picha ya skrini na kuitupa kwenye grupu la ofisi, na huko inaweza kuzunguka hata kesho. Ule mfano wa mwisho usiukate. Bila huo utapokea "niwekee na mimi", kisha maswali manne ya kufuatilia wakati mikono ina mafuta.

Kila oda naijibu kwa kuirudia: "Nimepokea: A2, Asha, jengo la mbele, ghorofa ya 3." Asiyejibiwa huagiza tena kupitia mwenzake, na unajikuta umepaki mara mbili.

Saa 3:30. Sasa picha, ya kontena la leo lililopakiwa, karibu na dirisha. Subiri dakika moja mvuke upungue, la sivyo lenzi inapata ukungu. Picha ya wiki iliyopita haifai hata kama ilitoka nzuri zaidi, maana mteja atailinganisha na kilicho mezani kwake. Chini yake narudia siku, bei na saa ya mwisho, kwani wapo watakaoiona hii tu.

Saa 4:15. Zimeshaagizwa A 7 na B 2. Naandika: "Zimebaki A 3, B 4. Mwisho saa 5:00 asubuhi." Namba iwe ya kweli. Ukiandika "zimebaki chache" kila siku, baada ya wiki mbili hakuna anayeharakisha.

Shida ni kwamba namba huchacha haraka. Saa 4:32 A zote zimekwisha, na stetasi bado inasema 3. Namba iliyokwisha kuwekwa siibadilishi, naifuta na kuweka mpya: "A imeisha. B 4 bado zipo." Kabla ya kufuta natazama orodha ya walioiona, kwa kuwa inafutika nayo. Nikimwona mteja wa kawaida ameitazama na hajaagiza, namtumia ujumbe yeye peke yake. Anayezima alama za kusomwa kwenye simu yake asitegemee orodha hiyo, majina hayatatokea. Na ambaye hakuhifadhi namba yako haoni stetasi kabisa. Ndiyo maana kila kifuniko kina kibandiko chenye namba na maneno "Hifadhi namba hii uone menyu".

Saa 4:45. "Dakika 15. B 2 tu." Basi.

Saa 5:00. Nafuta zote, naacha moja: "Oda za Jumanne zimefungwa. Menyu ya kesho saa 2 usiku." B moja haikupata mtu, inaungana na akiba. Anayechelewa anapewa kutoka hapo kimyakimya. Ukitangaza kwamba umeongeza, saa 5 ya kesho haitakuwa saa 5 tena.

Kupaki 40 kunakula kama dakika 40, na boksi la kutunza joto likishafungwa silifungui ovyo. Chakula cha moto kinatakiwa kibaki nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi hadi kifike, na kila kifuniko kinapoinuliwa kwa ajili ya "moja tu ya haraka", joto linatoka.

Saa 5:45. Mzigo unaondoka, umepangwa kwa jengo kisha ghorofa, ya mwisho kushushwa ikiwa chini.

Saa 2 usiku. Menyu ya kesho, kwa wateja wa kudumu. Hii nayo itafutwa saa 11:40.