Nilivyoacha kusema "evdem": vimilikishi vya Kituruki na zamu yake

Mwezi wa pili wa mwaka wangu wa lugha Ankara, nilitaka kusema "nyumbani kwangu" nikasema evdem. Mwalimu akanitazama kidogo, kisha akauliza, "Evde misin?" yaani, uko nyumbani? Masikioni mwake nilikuwa nimejaribu kusema evdeyim, "niko nyumbani," nikaivuruga.

Kosa lilitoka kwenye Kiswahili changu. Sisi husema nyumba-ni kwangu: mahali kwanza, mwenyewe baadaye. Mimi nikachukua ev (nyumba), nikabandika -de ya mahali, halafu -m ya "yangu". Mturuki hupanga kinyume, ev-im-de, kana kwamba ungesema "nyumba-yangu-ni". Mwenye kitu huikalia nomino kwanza, na kiambishi cha mahali au mwelekeo huja nyuma yake. Kwangu mimi: evimde. Kwenda kwangu: evime. Kutoka kwangu: evimden. Wingi ukiwepo, hutangulia vyote viwili: ev-ler-imiz-de, katika nyumba zetu.

Kilichonisaidia kuuzoea mpango huo ni Kiswahili hichohicho. Mwenzangu, mkewe, mwanao: hapo nasi tunamgandisha mmiliki kwenye nomino. Nikawa najiambia kwamba Mturuki anafanya "mwenzangu" kwa kila kitu, hata kiatu na sufuria. Irabu za viambishi kubadilika (evim, lakini okulum, "shule yangu") hakukunisumbua sana. Anayesema pikia na somea amekwisha kuonja mchezo huo.

Taabu ya kweli ilikuwa nafsi ya tatu. "Nyumba yake" ni evi. Nomino ikiishia kwa irabu, inaingia s: araba, gari, inakuwa arabası, gari lake. Sasa unataka kusema "kwenda nyumbani kwake." Nilijua kuwa irabu mbili zikikutana huwekwa y katikati, kama arabaya, "kwenye gari", basi nikaandika eviye. Si sahihi. Baada ya kimilikishi cha nafsi ya tatu kinachoingia ni n: evine, arabasına. Na n hiyo inaingia hata pasipo irabu za kutenganisha, mbele ya -de na -den: evinde, arabasından. Eviden ni kosa linalomtambulisha mgeni mara moja.

N hiyohiyo ndiyo iliyonipotezea jioni nzima. Rafiki mmoja aliniandikia: Anahtar evinde. Ufunguo uko evinde. Tulikuwa tumemtaja Emre muda mfupi kabla, nikasoma ev-i-n-de, nyumbani kwake, nikapanda basi hadi kwa Emre. Kumbe alikusudia ev-in-de, nyumbani kwako. Ufunguo ulikuwa juu ya meza yangu. Maandishi ni yaleyale, matamshi ni yaleyale. N ya ev-in-de ni sehemu ya "-in", yako, ile ya ev-i-n-de ni kiungo tu. Anayetaka kuepusha utata huongeza senin evinde au onun evinde. Kwa nomino zinazoishia irabu hakuna shida hiyo: arabanda ni garini mwako, arabasında ni garini mwake, na ile s inakuonyesha njia.

Tangu hapo neno refu silisomi kwa mkupuo. Chukua arkadaşlarımızın evinden. Arkadaş ni rafiki, -lar, wingi, -ımız, yetu, -ın, "-a" ya umiliki: "-a marafiki zetu". Kisha ev, nyumba, -i, yao, n ya kiungo, -den, kutoka. Kutoka nyumbani kwa marafiki zetu. Angalia kwamba umiliki umetiwa alama pande mbili, kwa mwenyewe na kwa kitu chake. Mimi nilikuwa naiacha ile -i nikaandika arkadaşlarımızın evden, nikidhani -ın inatosha.

Kuna pahali ambapo "yake" haina mwenyewe wa kumtaja. Kituo cha basi ni otobüs durağı, ambapo durak imepata ı ya nafsi ya tatu na k ikalainika kuwa ğ. Kwa kuwa kimilikishi kipo, n inadai zamu yake: otobüs durağında, kituoni. Miezi kadhaa niliandika durağıda, kwa sababu sikuona mmiliki yeyote pale. Sasa nikiona nomino mbili zimekaa pamoja namna hiyo, naitafuta kwanza irabu ya mwisho, na kama ni ile ya "yake" naweka n kabla ya -da.

Evdem sijaisema tena. Lakini wiki iliyopita, nikiwa na haraka, nilimwandikia jirani "otobüs durağıdayım". Akajibu: "durağındasın", bila neno jingine.